Mpaka Unaopandwa Mchana: Namna ya Kuomba Saa Zisizo na Vikao

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyofanyika mbele ya watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa vijiji na wataalamu wa kata. Yanachapishwa ili wakazi nao wafahamu sababu na utaratibu wa saa hizo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limekwisha kuleta manung'uniko katika ofisi nyingi: ni kwa namna gani mtumishi anaweza kuwaomba wenzake wamwachie saa chache katika wiki, saa zisizo na kikao chochote, ili afanye kazi inayohitaji utulivu, na asionekane kuwa amewadharau? Wengi wetu tunaiona haja hiyo ila tunaogopa kuisema. Mwenyekiti akiita, tunakwenda. Mwalimu mkuu akiita kikao cha shule, tunakwenda. Mganga wa zahanati naye ana kikao chake, na kamati ya maji ina chake. Jioni ikifika, majalada yako palepale yalipokuwa asubuhi.

Nianze na kazi yenyewe, maana asiyejua kazi inayokwama hataona sababu ya kuombwa chochote. Nitatumia mfano mmoja tu, maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iamue ombi la mwananchi ndani ya siku 90 tangu lilipowasilishwa. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi. Kwa hiyo ndani ya siku hizo mna vikao vitatu hivi vya kutolea uamuzi. Jalada ambalo halijakamilika kikao kinapofika husubiri mwezi mzima. Likikosa tena, siku zimekwisha.

Sasa tuchukue kijiji ambacho mipaka yake imekwisha kupimwa na kina cheti chake cha ardhi, na tuseme mtendaji wake amepokea maombi 24. Kila jalada lina mambo ya kuhakikiwa kwa macho na kidole. Je, jina la mwombaji limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake? Ikiwa kibanja ni cha mume na mke, je, majina yote mawili yamo? Je, majina ya majirani wa pande zote yanalingana na yale yaliyoandikwa siku ya kutembelea mipaka? Je, kitongoji ni chenyewe, na je, muhtasari wa kikao umeambatishwa? Tuweke dakika 25 kwa jalada moja. Majalada 24 yatahitaji dakika 600, yaani saa kumi kamili.

Saa kumi si nyingi. Mtendaji akipata saa tatu zilizoungana kila wiki, atamaliza majalada saba kwa kila kipindi na kubakiwa na dakika chache za kupanga karatasi. Kwa vipindi vitatu atafikisha majalada 21, na kipindi cha nne atamalizia matatu yaliyosalia na kuandaa ajenda ya kikao. Wiki nne, na wananchi wote 24 wanaingia katika kikao kinachofuata cha halmashauri ya kijiji.

Lakini mtendaji huyohuyo akizipata saa kumi zilezile kwa vipande vya nusu saa, katikati ya kikao na kikao, hesabu haiwi hiyo. Kila anaporudi mezani huanza kwa kutafuta alipoishia, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Jirani wa jalada la saba huandikwa katika jalada la nane. Kosa hilo halionekani siku hiyo. Huonekana siku ya kutia saini, jirani anaposimama na kusema, "Huyu sipakani naye." Kuanzia hapo shauri huhamia katika baraza la ardhi la kijiji, na mjane aliyedhani amepata karatasi ya kulinda kibanja chake hurudi kuita mashahidi upya. Kwa hiyo saa tatu za utulivu si starehe ya mtumishi. Ni sehemu ya siku 90 ambazo mwananchi amepewa na sheria.

Ndugu zangu, tukiisha kuona hilo, tunaliendea swali lenyewe: mbona ombi la haki namna hii huudhi?

Mimi naamini huudhi kwa sababu ya wakati wa kuliomba. Mtumishi hukaa kimya wiki nyingi, kisha siku moja mwenyekiti anamwita kwenye kikao, naye anajibu, "Leo siwezi, nina kazi." Neno hilo limemlenga mtu mmoja na kikao chake kimoja. Mwenyekiti anaondoka akijiuliza: je, wengine walipoita hakwenda? Je, kikao changu si kazi?

Hapa Bukoba na Muleba hatuna haja ya kufundishwa jambo hili, kwa sababu tunao mlamula. Mmea ule unapopandwa mchana, majirani wote wawili wakiwapo na wazee wakishuhudia, hakuna anayejiona amefukuzwa katika ardhi ya mwenzake. Mmea uleule ukipandwa usiku na upande mmoja peke yake, ni ugomvi wa miaka, hata kama mpaka umewekwa mahali pake halisi. Saa zisizo na vikao ni mpaka pia. Zikitangazwa mapema, kwa wote, kabla mtu yeyote hajaita kikao, hakuna aliyekataliwa. Zikitajwa siku ya mwaliko, aliyealikwa anakuwa amemkataa aliyemwalika. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni namna ya kulitekeleza.

Jambo la kwanza ni kuchagua saa kwa ushahidi. Chukua daftari la wageni, lile lililopo mezani katika kila ofisi, ufungue kurasa za wiki nne zilizopita. Hesabu ni siku ipi na saa zipi wananchi hufika wachache. Kisha, katika karatasi ya pembeni, andika vikao ulivyohudhuria katika wiki hizo: nani aliita, siku gani, kilianza saa ngapi na kilikwisha saa ngapi. Usikisie, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka hukuza mambo. Ukimaliza, ondoa siku ya gulio, ondoa Jumatatu ambayo huwa na maagizo ya wiki, ondoa Ijumaa mchana kwa ajili ya wenzetu wanaokwenda kusali, na uondoe siku iliyozoeleka kwa kikao cha halmashauri ya kijiji. Kinachobaki kwa kawaida ni kidogo, na ni vizuri kiwe kidogo. Tuseme katika mfano wetu ilibaki Jumatano, kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 na kufungwa saa 9:30 alasiri; kwa hiyo hata siku hiyo ya Jumatano zinabaki saa tano nyingine kwa ajili ya vikao na watu.

Jambo la pili ni mpangilio wa kuomba. Anza na aliye juu yako, umwendee peke yake, kabla ya kusema neno mbele ya kikao. Mkubwa anayeusikia mpango wako kwa mara ya kwanza mbele ya watu analazimika kuulinda ukubwa wake, na hapo jibu litakuwa gumu hata kama moyoni anakubali. Ukimwendea ofisini kwake, usiende na uamuzi. Nenda kuomba ushauri, na ubebe ile karatasi ya vikao pamoja na idadi ya majalada. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimekuja unishauri. Tuna maombi 24 ya hati, na siku 90 zimeanza kuhesabiwa. Nimetazama daftari la wageni, nikaona Jumatano asubuhi watu ni wachache. Ningeomba saa tatu za siku hiyo zisiwe na vikao hadi tumalize. Kuanzia saa 5:00 niko tayari kwa lolote, na kikao chako nikiambiwa siku moja kabla nitakiandalia karatasi zake. Wewe unaonaje? Kuna mtu tutakayemkwaza?"

Tazameni yaliyomo katika maneno hayo. Kazi iliyotajwa ni ya wananchi na ya halmashauri ambayo mwenyekiti mwenyewe anaiongoza. Saa zina mwanzo na mwisho. Kuna kitu kinachotolewa badala ya kinachoombwa. Na swali la mwisho ni la kweli, kwa sababu mwenyekiti huwajua watu wa kijiji kuliko mtendaji aliyehamishiwa pale mwaka jana. Akisema, "Jumatano mzee fulani hupenda kuja kunisalimu na hupitia kwako," basi umeokoka jambo ambalo karatasi isingekuonyesha.

Baada ya mkubwa, wafuate wenzako mmojammoja: afisa ugani, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, afisa maendeleo ya jamii, wenyeviti wa vitongoji. Kwa umri, aliyekuzidi umfuate wewe, usimwite. Na kwa kila mmoja uliza swali moja ambalo watu husahau kuliuliza: "Na wewe, je, kuna saa ambazo nisikuite?" Afisa ugani atakwambia kwamba asubuhi yuko mashambani kabla jua halijawa kali. Mganga atakwambia siku ya kliniki ya watoto. Ukiziandika saa zao na kuziheshimu, ombi lako linaacha kuwa la upendeleo. Linakuwa desturi ya kata nzima, na anayeivunja anajua kwamba anavunja ya kwake pia.

Jambo la tatu ni tangazo. Liwe fupi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo na kutumwa katika kundi la simu la watumishi, na litiwe saini na mkubwa wa ofisi, lisitiwe na mwombaji peke yake. Liseme siku, saa, kazi inayofanyika, nani anapokea wageni wakati huo, na lini mpango utatazamwa upya. Lisitumie neno "marufuku," wala "hairuhusiwi." Linaweza kusomeka hivi: "Kila Jumatano kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi ofisi inahakiki majalada ya ardhi. Tunaomba vikao vipangwe baada ya saa hizo. Mwenye shida ya haraka ataonana na mjumbe wa zamu. Utaratibu huu utatazamwa upya baada ya wiki nne."

Hapa niseme na ninyi wakazi wa kata ambao ofisi hizi ni zenu. Kinachozuiwa katika saa hizo ni vikao. Mwananchi hafungiwi mlango. Aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali kutafuta barua ya utambulisho hawezi kuambiwa arudi kesho. Jina lake liandikwe, apewe mahali pa kukaa, na saa 5:00 ikifika awe wa kwanza. Akiwa na safari ya siku hiyohiyo au mgonjwa anayemsubiri, ahudumiwe papo hapo. Mtendaji anayelitumia tangazo hili kuwakwepa watu amelipotosha, nanyi mna haki ya kumwuliza katika mkutano mkuu wa kijiji.

Aidha, kuna mambo yanayouvunja mpango bila kuomba ruhusa, na ni afadhali yatajwe mapema ili yasigeuke kuwa visingizio baadaye. Msiba ni mmojawapo. Ajali na moto ni mengine. Mkoa wetu unayajua makubwa zaidi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba za watu, na mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa hapa Kagera, hakuna ambaye angeliweza kukaa na jalada la mpaka wa kibanja wakati majirani wanahitaji kuhesabiwa na kufuatiliwa. Lakini ziara ya mgeni iliyojulikana tangu wiki iliyopita si dharura. Kikao kilichosahauliwa kutangazwa si dharura. Kipimo ni kimoja: je, mtu ataumia au kupoteza haki yake tukisubiri hadi saa 5:00? Ikiwa jibu ni hapana, tusubiri.

Mpango huu una mipaka yake pia, nami sitaki mtoke hapa na matumaini yasiyo na msingi. Vikao vya kisheria havihamishwi kwa ajili yake: mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu na kikao cha kila mwezi cha halmashauri ya kijiji vina nafasi yao, na mtendaji huvifuata. Wito wa mkurugenzi nao haujibiwi kwa kuonyesha tangazo la ukutani. Tena, kwa wenzetu wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, saa tatu za asubuhi hazina maana kubwa siku ambayo mtu ameitwa nchi kavu, kwa kuwa safari ya ziwani humeza siku nzima au zaidi. Kwao ombi linalofaa ni tofauti: shughuli mbili au tatu za makao makuu ziunganishwe katika safari moja, ili siku zinazookolewa ziwe za majalada.

Je, mtajuaje kwamba mpango unakufa? Haufi kwa kishindo. Hufa kwa "dakika tano tu." Mmoja anachungulia mlangoni, anapewa dakika tano, zinakuwa thelathini, wiki inayofuata wanakuja wawili. Basi wekeni alama kwenye kalenda: kila Jumatano iliyosimama ipate tiki, iliyovunjika iandikwe sababu. Baada ya wiki nne tazameni. Zikivunjika mbili kwa sababu ileile, msimlaumu mtu. Hamisheni siku, kwani yamkini mpaka uliwekwa juu ya njia ya watu. Zikivunjika kwa sababu tofautitofauti, rudini kwa mkubwa mkamwombe alitaje jambo hili kwa kinywa chake. Na zikisimama zote nne lakini majalada hayakupungua, basi tatizo halikuwa vikao, na mtendaji ajitazame anazitumiaje saa alizopewa.

Kuna mtafiti mmoja wa Marekani, Leslie Perlow, aliyechapisha mwaka 1999 habari za wahandisi wa programu za kompyuta ambao kazi yao ilikuwa ikikatizwa siku nzima. Alikubaliana nao wawe na asubuhi tatu kwa wiki zisizo na kukatizana, na kwa muda wa jaribio walifanya kazi vizuri zaidi. Jaribio lilipokwisha, mazoea ya zamani yakarudi. Sababu yake inatuhusu: viongozi waliendelea kumsifu yule anayeonekana akikimbia kuzima moto, wala si yule ambaye kazi yake ilikamilika kimya kimya bila moto kuwaka. Nasi tuna tabia hiyo. Mtendaji anayeonekana katika kila kikao husifiwa kuwa ni mchapakazi. Aliyekamilisha majalada 24 bila kosa hakuna anayemtaja. Waheshimiwa wenyeviti, hapo ndipo tunapowahitaji. Katika kikao cha mwisho wa mwezi ulizeni kwanza, "Majalada mangapi yamekamilika?" kabla ya kuuliza nani hakuhudhuria wapi. Swali hilo litayalinda masaa ya Jumatano kuliko tangazo lolote.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mtendaji ameshika kikao kwa mkono mmoja na jalada kwa mwingine, na kinachoponyoka kila mara ni jalada, kwa sababu jalada halinung'uniki. Anayenung'unika ni mwenye jalada, naye huwa yuko nyumbani, akihesabu miezi.

Kwa hiyo nawaomba watendaji mliopo: kabla wiki hii haijaisha, fungueni daftari la wageni na mchague saa. Wiki ijayo mwendeeni mkubwa wenu mkamwombe ushauri. Nanyi mtakaoombwa, mkiona mwenzenu amekuja mapema, mchana, akiwa na karatasi mkononi, mjue kwamba amewaheshimu.